Naomba ushauri: Mtoto kazaliwa Februari 1728, wazazi wamefunga ndoa Mei 1728. Umri wake nauhesabuje?

mama_wawili
Habari zenu wakuu. Naishi Uingereza, mume wangu ni mtu wa Norfolk, na ninaandika nasaba ya upande wake kwa ajili ya wanangu. Nimekwama kwa babu mmoja wa zamani. Rejista ya parokia inasema alizaliwa 12 Februari 1728 na kubatizwa tarehe 18. Lakini rejista hiyohiyo inaonyesha wazazi wake walifunga ndoa 6 Mei 1728! Alifariki 20 Februari 1790, na jiwe la kaburi linasema alikuwa "katika mwaka wa 61 wa umri wake". Nikitoa 1728 kwenye 1790 napata 62. Mama mkwe hataki hata kusikia kwamba mtoto alitangulia ndoa. Nirekebishe nini hapa?

Msafiri77
Dada, hiyo ni kalenda tu. Waingereza walihama kalenda ya Juliasi kwenda ya Gregori mwaka 1752. Walilala 2 Septemba wakaamka 14 Septemba. Ongeza siku 11 kwenye tarehe ya zamani, basi. Alizaliwa 23 Februari 1728.

daftari_la_kale
Msafiri, siku 11 ni kweli, ila mwaka umeuacha palepale. Ukiongeza siku 11 kwenye ndoa na kwenye kuzaliwa, mtoto bado anatangulia.

Kabla ya 1752, mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Kwa hiyo 1728 yao ilianza Machi, ikapita Mei na Desemba, ikaendelea na Januari na Februari mpaka 24 Machi. Februari 1728 ilikuja baada ya Mei 1728, na kwetu sisi hiyo ni Februari 1729. Mpelekee mama mkwe habari njema: kutoka ndoa hadi mtoto ni miezi tisa na siku sita.

Hakikisha kwa kufungua picha ya ukurasa wenyewe, usitegemee faharasa. Ukiona ubatizo wa Novemba na Desemba 1728 umeandikwa juu, Januari na Februari 1728 zinafuata chini yake, halafu mwaka 1729 unaanza mwishoni mwa Machi, basi hakuna ubishi.

Sasa umri. 12 Februari 1729 ukiongeza siku 11 ni 23 Februari 1729 kwa kalenda ya leo. Tarehe ya kifo usiiguse, 1790 walishahamia kalenda mpya. Alifariki siku tatu kabla ya kutimiza 61, yaani alikuwa na miaka 60 kamili. Aliye na miaka 60 kamili yumo katika mwaka wake wa 61, kama jiwe linavyosema. Ukiziacha zile siku 11 utampa 61 kamili, na jiwe litaonekana limekosea.

nyota_ya_unguja
Na mimi nina babu Zanzibar, karatasi inasema alizaliwa 1310. Naye niongeze siku 11?

daftari_la_kale
Hapana ndugu yangu, hiyo ni Hijria, haihusiani na mabadiliko haya. 1310 inaangukia 1892 na 1893, na bila mwezi huwezi kujua ni upi. Tena kama wazee walimhesabia umri kwa Hijria, miaka 33 yao ni kama 32 ya kizungu. Fungua uzi wako, tutakusaidia.

mzee_wa_hesabu
Lakini mkuu, nani alisema watu walisogeza siku zao za kuzaliwa? Huenda babu huyu aliendelea na 12 Februari yake mpaka kaburini.

daftari_la_kale
Swali zuri. Sheria yenyewe ya 1750 ilisema mtu hafikii miaka 21 mapema kwa sababu ya siku zilizorukwa, lazima siku zitimie. Na George Washington, Biblia ya familia inasema 11 Februari 1731/2, leo kuzaliwa kwake kunahesabiwa 22 Februari 1732. Ila umri wa kwenye jiwe waliutoa ndugu waliobaki, na ndugu hukosea. Kwa tofauti ya siku tatu, nisingelichukua jiwe kama ushahidi wa kalenda. Ushahidi ni mpangilio wa rejista.

mama_wawili
Ahsante sana, ukurasa uko hivyohivyo, Februari iko chini ya Desemba! Sasa naandikaje kwenye mti wa ukoo? Na mtoto wake wa kwanza, faharasa inasema alibatizwa Februari 1751. Naye namwongezea mwaka?

daftari_la_kale
Andika 12 Februari 1728/29, usiongeze siku 11 kwenye tarehe yenyewe. Hesabu ya umri iweke kwenye maelezo ya pembeni, ili anayekuja baada yako asirekebishe mara ya pili.

Huyo wa 1751 usimguse kwanza. Kisheria 1751 ilianza 25 Machi ikaisha 31 Desemba, haikuwa na Februari kabisa. Kwa hiyo ama aliyetengeneza faharasa alisharekebisha 1750, ama karani alihesabu kuanzia Januari kwa mazoea yake, ama ni Februari 1752 na mkono wa karani ulikuwa bado haujazoea mwaka mpya. Tazama waliobatizwa kabla na baada yake, kisha utuwekee hapa.