Naomba ushauri: nimkataeje shangazi bila kumvunjia heshima?

Habari zenu wadau. Naishi Nakuru, nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kwa sasa nasimamia stoo ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Shangazi yangu yuko Kisumu. Ndiye aliyenilipia karo ya chuo, kwa hivyo huyu si mtu wa kujibiwa ovyo.

Wiki iliyopita alinipigia: kuna nafasi ya karani wa ugavi katika ofisi moja ya umma, na rafiki yake yumo kwenye jopo la mahojiano. Anataka nimtumie vyeti na nakala ya kitambulisho kwa Wasap, "mengine niachie mimi."

Sitaki. Nataka nikiketi kwenye kile kiti nijue nimekipata mwenyewe. Isitoshe, tangazo lenyewe linasema atakayetafuta upendeleo ataondolewa, na Katiba, kifungu cha 232, inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na sifa. Ununuzi nao ndiyo idara wakaguzi huanzia. Karani aliyeingizwa na mtu hawezi kukataa kutia sahihi stakabadhi ya mzigo ambao haukufika, mtu huyo akimwomba.

Kinachonitatiza ni hiki: nafasi yenyewe naitaka, na sifa ninazo. Nikituma maombi kivyangu, je, shangazi hatanitaja kwa rafiki yake kimyakimya? Nimwambie wazi asinitaje, au niiache hii kabisa nisubiri nyingine? Na maneno hayo nimwambie kwa simu, ama nipande matatu hadi Kisumu?