Mrejesho: dola 4 zilizozidi kwenye taarifa ya kadi

Niliuliza: "Ijumaa nimelipa yuro 200 kwa kadi ya dola, simu ikaonyesha 216. Taarifa ya kadi imeandika 220. Hizo 4 zimetoka wapi?"

Wakuu, nimepata jibu, na asanteni sana mlioniambia nitazame tarehe kwanza.

Kwenye taarifa kuna tarehe mbili, nami nilikuwa naisoma moja tu. Ya kwanza ni siku ya muamala, Ijumaa. Ya pili ni siku ulipoingizwa kwenye akaunti, Jumanne. Zile 216 za Ijumaa zilikuwa makadirio: benki ilishikilia tu kiasi hicho kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ile, dola 1.08 kwa yuro. Muuzaji alituma madai yake baada ya wikiendi, na mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, ukabadilisha yuro zangu kwa kiwango cha siku ya kuyashughulikia, 1.10. Mara 200, ni 220 kamili.

Nilivyohakikisha kwamba si makato: niligawa 220 kwa 200, kisha nikalinganisha na kiwango ambacho mtandao wa kadi wenyewe unakitangaza kwa tarehe ile ya pili. Vikalingana. Kingebaki kipande cha asilimia 2 au 3 juu yake, hiyo ingekuwa ada ya benki ya miamala ya kigeni, na hiyo ndiyo ya kwenda kuulizia.

Kiwango kingeshuka hadi 1.06, ningekatwa 212.