Tangazo la taa za dagaa linabofywa, mtu akifika kwenye tovuti anaondoka. Quality Score, alama ambayo Google wanalipa neno la tangazo, iko chini. Naombeni ushauri

Dada_wa_Kirumba
Wakuu, habari za leo. Nina duka la vifaa vya sola hapa Mwanza. Kwa wiki tatu nimeendesha tangazo la Google kwa neno "taa za kuvulia dagaa". Limeandikwa hivi: "Taa ya sola ya kuvulia dagaa, 95,000. Tunatuma Ukerewe." Natumia 15,000 kwa siku, na nimepata mibofyo 412. Waliotuma ujumbe WhatsApp ni 9 tu. Bounce rate, yaani wanaofika na kuondoka bila kufanya kitu, ni 84%. Nilidhani bei yangu iko juu, lakini hao 9 hakuna aliyelalamikia bei. Nifanye nini?

Mzee_wa_Igoma
Pole dada. Bounce rate hiyo ndiyo inayokushushia Quality Score. Google wanaona watu wanakimbia, wanakuadhibu. Punguza uzito wa picha ukurasa ufunguke haraka, namba zitapanda zenyewe.

Nahodha_Nansio
Mimi nina kambi ya dagaa. Umeangalia kalenda ya mwezi? Wakati wa mbalamwezi hatuingii ziwani, maana dagaa hawafuati taa vizuri. Hakuna anayenunua taa siku hizo. Subiri giza.

Fundi_Matangazo
Dada, fungua orodha ya maneno yako, ongeza safu za "Exp. CTR", yaani kubofywa kunakotarajiwa, "Ad relevance", tangazo linavyoendana na neno, na "Landing page exp.", hali ya ukurasa mtu anakofikia. Niambie kila moja inasemaje. Halafu: mtu akibofya, anafikia ukurasa gani?

Dada_wa_Kirumba
Ya kwanza Above average, ya pili Average, ya tatu Below average. Wanafikia ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Nimeufungua sasa hivi kwenye simu yangu: juu kuna picha ya friza, kisha paneli, kisha betri. Nimesukuma kwa kidole mara saba ndipo nikaiona taa, na chini yake imeandikwa "Piga simu upate bei".

Fundi_Matangazo
Basi jibu unalo mkononi. Tangazo lako ni zuri, ndiyo maana safu ya kwanza iko juu. Lakini umemwahidi mvuvi taa ya 95,000 inayofika Ukerewe, akafika akakuta friza. Hana muda wa kusukuma mara saba kwa bando lake. Anarudi kwenye matokeo anabofya la mwenzako, na wewe umeshalipia mbofyo ule, kama shilingi 765 kwa hesabu yako.

Mzee wa Igoma, kasi ni kweli inahusika. Ila Google hawajasema kwamba wanasoma bounce rate ya Analytics yako ili kukupa alama. Chanzo ni kimoja, ukurasa usiotimiza ahadi, na kinaonekana sehemu mbili, kwenye bounce rate na kwenye Quality Score. Ukitafuta ujanja wa kushusha namba tu, safu ya tatu itabaki palepale.

Nahodha, mbalamwezi inapunguza wanaotafuta. Haielezi kwa nini aliyekwisha kubofya aondoke.

Tengeneza ukurasa wa taa hiyo peke yake. Kichwa kiwe maneno yaleyale ya tangazo, bei ileile, picha ya taa ikiwa kwenye mtumbwi, nauli na siku za kufika Ukerewe, na kitufe cha WhatsApp, vyote vionekane bila kusukuma. Kisha badilisha "Final URL" ya tangazo. Taa za nyumbani zipe kundi lao na ukurasa wao.

Jambo moja zaidi: Analytics inahesabu bounce pale ziara isipozidi sekunde 10, ikawa ya ukurasa mmoja, bila tukio muhimu. Aliyefika akabonyeza WhatsApp kwa sekunde 8 naye amehesabiwa kama mkimbizi. Weka mbonyezo huo kuwa tukio muhimu, ndipo uiamini ile 84%.

Binti_Capri
Kwangu nyumba ya wageni, natumia Instagram. Tangazo linaonyesha chumba kinachotazama ziwa, wakifika wanakuta bei za vyumba vya nyuma. Kumbe ndiyo maana wananiuliza "kile cha picha kipo?"

Dada_wa_Kirumba
Narudi baada ya siku 12. Nimefanya yote. Mibofyo 230, ujumbe 17, bounce rate 51%. Ujumbe wa kwanza ulitoka Ukerewe, akauliza boti inaondoka lini tu, bei hakuigusa. Ila Quality Score bado haijapanda.

Fundi_Matangazo
Safu zile zinakulinganisha na watangazaji wengine wa neno hilo kwa siku 90 zilizopita, kwa hiyo haziruki kwa wiki moja. Na sehemu ya kushuka kwa bounce ni ule mpangilio wa WhatsApp, si ukurasa peke yake. Mimi ningetazama ujumbe kwanza.

Mzee_wa_Igoma
Sawa, lakini bei ya taa ikipanda wiki ijayo, dada atabadilisha tangazo na ukurasa kila mara? Mimi ningeitoa bei kotekote.

Dada_wa_Kirumba
Hilo ndilo linanisumbua sasa. Mzigo unaofuata hautauzwa 95,000.