Nimefungiwa pampu ya oili nisiyoihitaji, kumbe swichi ya elfu kumi na mbili! Mafundi wa Mbeya hamna geji?

Wakuu, leo sisalimii mtu. Mafundi wa kukisia wamenifika shingoni.

Gari ni Korola ya zamani, injini 5A. Natoka Makambako na mzigo wa duka, nimeshaipita Igawa, nakaribia Chimala, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaweka pembeni, nikazima. Dipstiki inaonyesha oili imejaa, bado safi, na chini hakuna hata tone. Nikawasha kidogo nisikilize: injini imetulia, haigongi popote. Lakini taa imeng'ang'ania. Nikalipa nikavutwa hadi Mbeya mjini.

Gereji niliyofikishwa siitaji. Fundi akaangalia dashibodi, akasema, "Pampu ya oili hiyo, bosi." Amejuaje? "Taa haidanganyi." Basi, mkanda wa taimingi ukatoka, sampu ikashuka, pampu mpya ikaingia, oili ikamwagwa nyingine. Jumla 380,000. Akawasha gari mbele yangu: taa ileile! Bila hata aibu akaniambia sasa ni bering za krenki, injini ishuke, niandae laki tisa nyingine.

Nikaondoa gari. Nikalipeleka Uyole kwa mzee mmoja wa malori, akaniuliza swali moja tu: "Kuna aliyepima presha?" Hakuna! Akafungua swichi ya oili, pale kwenye tundu akafunga tii. Upande mmoja geji ya mshale yenye hosi, upande mwingine swichi yangu ileile, waya akaurudisha. Akawasha, akaacha injini ipate moto mpaka feni ikaanza kuzunguka. Bila kukanyaga mafuta, mshale ulisimama bar 1.4. Akakanyaga hadi mizunguko 3000, ukapanda bar 3.8. Na muda wote huo taa inawaka! Akaniambia injini hii kitabu chake kinataka angalau 0.3 ikinguruma taratibu, na kati ya 2.5 na 5 kwenye 3000. Akafunga swichi mpya, 12,000, taa ikazima.

Nimerudi gereji ya kwanza kudai hela, najibiwa pampu ya zamani "ilikuwa imechoka hata hivyo." Haya, nionyeshe. "Imeshatupwa." Nani anashusha sampu ya mtu bila kupima?

Spana Kumi:
Pole mkuu, ila hiyo geji yote ya nini? Chomoa waya wa swichi. Taa ikizima, swichi ni mbovu. Dakika moja, bure kabisa.

Mzee wa Mafinga:
Spana Kumi, hapo utaua injini za watu. Swichi hii kazi yake ni kupeleka waya kwenye bodi. Injini ikiwa imezimwa inagusisha, taa inawaka. Oili ikisukuma, inaachanisha, taa inazima. Ukichomoa waya umeachanisha kwa mkono, kwa hiyo taa itazima swichi ikiwa mbovu, na itazima vilevile pampu ikiwa imekufa kabisa. Kipimo chako kinafaa kujua jambo moja tu: ukichomoa na taa bado inawaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi.

Mtoa mada, huyo mzee wa Uyole anajua kazi. Wengi wanatoa swichi na kufunga geji peke yake, nayo inatosha kujua presha. Lakini kwa tii umeona vyote viwili kwa wakati mmoja: presha ipo, taa inasema haipo. Hapo hakuna ubishi tena. Uliangalia kwenye soketi ya ule waya? Mara nyingi kiwambo cha ndani kikipasuka, oili hupenya hadi juu.

Mtoa mada:
Ndiyo mzee! Soketi ilikuwa imelowa oili. Na yule fundi wa kwanza aliishika kwa mkono wake, akajifuta, akaendelea kuniongelesha habari za pampu.

Mama Duka Tukuyu:
Mimi yangu ni ya njano ina picha ya injini, inawaka nikipanda mlima. Na mimi ninunue hiyo swichi?

Spana Kumi:
Hapana mama, hiyo ni nyingine kabisa. Wewe tafuta mwenye mashine ya kusoma kodi.

Kijana wa Ipogolo:
Uzi umenifaa sana. Nina Noa, nikishapanda Kitonga na kufika Iringa mjini, nikisimama taa ya oili inapepesa. Nikikanyaga kidogo inazima. Asubuhi haiwaki kabisa. Kumbe swichi tu! Kesho nanunua.

Mzee wa Mafinga:
Kijana, subiri kwanza. Yako haifanani na ya mtoa mada. Ya kwake iliwaka hata akikanyaga. Ya kwako inakuja oili ikiwa ya moto na injini ikizunguka taratibu, halafu inazima mizunguko ikipanda. Hivyo ndivyo presha ndogo ya kweli inavyojionyesha. Inawezekana bering zimelika, inawezekana chujio la kwenye sampu limeziba. Na swichi inawezekana pia, sikatai. Pima, lakini usipime asubuhi. Baridi ya huku oili inakuwa nzito, hata injini iliyochoka itakuonyesha bar 4 ukafurahi bure. Zunguka nayo kwanza, ipate moto, ndipo usome.

Spana Kumi:
Au aweke oili nzito, 20W-50. Nimewasaidia wengi hivyo, taa inazima na gari linatembea.

Mzee wa Mafinga:
Ikizima kwa oili nzito, umejithibitishia mwenyewe kwamba presha ilikuwa chini. Hujaponya kitu, umefunika.

Bosi Mbalizi:
Mimi namtetea fundi kidogo. Taa nyekundu ya oili siyo ya kuchezea. Angekwambia "swichi tu hiyo, endesha," injini ikajifunga pale Mlima Nyoka, ungekuja kumlalamikia hapa hapa.

Mtoa mada:
Sijasema aniambie niendeshe! Nimesema apime. Kutoa swichi ni boksi spana ya 24 na dakika chache. Kashusha sampu kwa kuangalia dashibodi, halafu nimpongeze kwa uangalifu?

Bosi Mbalizi:
Hela hurudishiwi lakini. Pampu imefungwa, inafanya kazi, utamshtaki kwa kosa gani?

Mtoa mada:
Tutaona. Risiti ninayo.

Kijana wa Ipogolo:
Mzee wa Mafinga, sawa nimekuelewa. Geji nitaipata wapi hapa Iringa? Fundi wangu hana.

Mzee wa Mafinga:
Jaribu wanaotengeneza hosi za matrekta. Omba geji ya 0 hadi 10 bar yenye hosi ya kuhimili oili ya moto, usikubali mpira laini wa maji, utapasuka na kukuunguza. Nenda na swichi yako wapimie nyuzi, maana kuna adapta inayokaribiana nayo sana, inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakaza. Ukiilazimisha utaharibu tundu la bloku. Na wakati wa kurudisha swichi usiizungushie tepu nyingi nyeupe. Inapata bodi kupitia nyuzi zake, ukiifunika zote taa haitawaka hata siku oili imekwisha. Ukimaliza, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, uhakikishe taa inawaka.

Kijana wa Ipogolo:
Sawa mzee. Jumamosi naipima ikiwa ya moto, nitaleta namba hapa.