NTT inanipa majibu madogo kuliko inavyotakiwa, nakosea wapi?

fundi_namba: Wakuu, nina orodha mbili za namba kamili, kila moja ina namba 100,000, na kubwa kabisa ni 1,000,000. Nataka konvolusheni yake bila kosa hata la moja. FFT ya `double` iliniangusha: jumla ya majibu yote ilitakiwa ilingane na jumla ya orodha ya kwanza mara jumla ya ya pili, ikapishana. Nikahamia NTT kwa 998244353, mzizi 3, urefu 262144. Sasa hakuna jibu linalozidi hiyo namba tasa!

Mzee_wa_Kodi: Badilisha namba tasa tu. Weka 10^9+7, ni kubwa zaidi.

salio_sifuri: Hapana mkuu, hiyo itakufa kabisa. Ukitoa moja unabaki na 2 × 500000003, yaani inagawanyika kwa 2 mara moja tu. Mzizi wa moja wa daraja la 262144 haupo humo. 998244353 inapendwa kwa sababu ni 119 × 2^23 + 1.

Fundi, NTT yako haijakosea. Imekupa salio, na salio ndilo inalolijua. Jaribu kwa mkono moduli 17, urefu 4, mzizi 4: [1,2,0,0] inakuwa [3,9,16,10], na [3,4,0,0] inakuwa [7,2,16,4]. Zidisha moja kwa moja: [4,1,1,6]. Ukirudi kinyume na kugawa kwa 4, yaani kuzidisha kwa 13, unapata [3,10,8,0]. Sahihi kabisa, kwa kuwa hakuna kilichofika 17. Kingefika 18, ungeona 1.

Kwako jibu linaweza kufika 10^17. Hata `double` inashika namba kamili zote hadi 2^53 tu, kama 9 × 10^15, ndiyo maana ilikusaliti. Fanya NTT mara mbili, ya pili kwa 469762049 (mzizi 3 pia), kisha unganisha masalio:

```
t = (r2 - r1) * pow(p1, -1, p2) % p2
x = r1 + p1 * t
```

Zao la hizo tasa mbili ni kama 4.69 × 10^17, linatosha. Kwenye C++ angalia `r2 - r1` isibaki hasi kabla ya `%`.

Binti_Kanuni: Mimi nazidisha namba mbili za tarakimu 100,000. Natumia tasa moja, urefu 131072, na tarakimu za mwanzo zinaharibika. Niongeze tasa ya pili?

salio_sifuri: Wewe hapana dada, 81 × 100,000 ni 8,100,000 tu. Tatizo ni urefu: majibu ni 199,999, mkia unajikunja na kujumlishwa mwanzoni. Weka 262144.

fundi_namba: Jumla zimelingana! Ila muda umekuwa mara mbili.

Mzee_wa_Kodi: Ndiyo maana mimi hugawa kila namba vipande viwili vya biti, narudi kwa `double`. Haijaniangusha.

salio_sifuri: Bado. Ila ipime kwanza kwa orodha iliyojaa 1,000,000 mwanzo hadi mwisho.