Re: Kikundi kinahama WhatsApp kwenda Signal, meseji za zamani tunazifanyaje?

Mama Z, Toronto
Habari zenu wapendwa. Chama chetu cha kufa na kuzikana kinahamia Signal mwisho wa mwezi. Sasa michango yote tangu 2019 iko WhatsApp, nani katuma, lini, picha za risiti, mpaka voisi za marehemu mwenyekiti wetu. Nimeingia Signal natafuta pa kuvutia hizo meseji sijaona. Kuna njia?

Ami, Muskat
Mbona rahisi mama, mimi nilinunua simu mpya nikaweka namba yangu, ikaniuliza nirudishe bakapu nikakubali, zote zikaja mpaka picha za harusi. Washa bakapu tu.

Binti Tanga, Leeds
Shikamoo Ami. Yako ilikuwa simu mpya lakini app ileile, na bakapu ya WhatsApp inafunguliwa na WhatsApp tu. Mama Z anahama app. Meseji ikishafika kwa mtu, seva za WhatsApp hazibaki nayo, historia yenyewe iko ndani ya simu zenu kwenye faili lililofungwa, kwa hiyo Signal haina wa kumwomba. Na hata ingelipata lile faili haiwezi kuhakikisha kwamba fulani ndiye aliyeandika, maana meseji hizo hazikupita kwake.

Kaka Minneapolis
Telegram inavuta lakini, nimefanya mwenyewe. Hamieni huko yaishe.

Binti Tanga, Leeds
Kweli kaka, tangu Januari 2021. Ila ni chati mojamoja, na inakula faili lilelile la Export chat ambalo Mama Z atalitoa hata akienda Signal, na likiwa limekatika huko nako linafika limekatika. Halafu magrupu ya Telegram hayana ule ufungaji wa mtumaji hadi mpokeaji, kama mnahama kwa ajili ya usiri hapo mnarudi nyuma.

Mama Z, fungua grupu, vidoti vitatu juu, More, kisha Export chat. Fanya mara mbili. Kwanza Without media, inachukua mpaka meseji 40,000 za karibuni. Halafu Include media, hiyo inaishia 10,000. Haikwambii kama imekata, we fungua lile faili la .txt uangalie mstari wa kwanza una tarehe gani. Ikikataa kabisa kutoa, angalia kama kuna mtu kawasha Advanced chat privacy kwenye grupu, azime kwanza.

Na kabla hujatoa, sevu namba za wanachama wote kwa majina kamili, kwa sababu faili linaandika majina kama yalivyo kwenye simu YAKO, asiyesevuliwa anatokea namba tupu na baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka ni nani.

Mama Z, Toronto
Asante mwanangu, nimefanya. Bila picha imeanza 2019 vizuri, ya picha imeanza Juni 2022, na voisi za mwenyekiti ni za kabla ya hapo! Halafu kuna kitu sielewi, mchango wa tarehe 1 Aprili umeandikwa 31 Machi, na mhazini anakata waliochelewa kwa tarehe.

Binti Tanga, Leeds
Hiyo ni saa ya simu yako mama. M-Pesa ya saa 7 usiku Dar tarehe 1, kwako Toronto bado ni saa 12 jioni ya jana yake. Andika juu kabisa ya waraka "saa za Toronto", au mtu wa Dar naye atoe nakala yake.

Voisi, kama simu ni Android, chomeka kwenye kompyuta ufuate `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`, humo kuna WhatsApp Voice Notes. Zinaitwa hivi, `PTT-20210312-WA0004.opus`, tarehe iko ndani ya jina, linganisha na .txt kisha isikilize ujue ni ya nani. VLC inazicheza. Nakili folda nzima kabla hujafuta app. Lile .txt lifungue kwenye Word ulitoe PDF ya kuwagawia watu, ila na lenyewe litunze, ndilo la kutafutia jina.

Ami, Muskat
Yangu iPhone, folda hiyo siioni.

Binti Tanga, Leeds
Kwa iPhone huwezi kuifikia Ami, unatuma moja moja kwenda Files. Inachosha kweli.

Kaka Minneapolis
Mi naona .txt mtu yeyote anaweza kufuta mstari au kuongeza. Mwanachama akibisha kwamba alilipa itakuwaje?

Mama Z, Toronto
Hilo nalipeleka kikao cha Jumamosi. Nafikiri watu watatu watoe nakala kila mmoja kwenye simu yake tulinganishe, ila mhazini hataki majina ya waliodaiwa yasambae kwenye kompyuta za watu, na mimi sioni kama amekosea.