Kikomo cha muda kinachorukwa kwa kugusa mara moja, ni kikomo au mapambo?

MamaWawili: Wakuu, leo nina hasira. Hawa wenye programu za video wanatufanya mazuzu. Kwenye akaunti ya binti yangu wa miaka 15 nimezima ile swichi ya video kujicheza zenyewe, lakini inahusu video ndefu tu. Zile fupi haizigusi: moja ikiisha inajirudia, kidole kikisukuma juu inakuja nyingine, na ukurasa hauna mwisho. Huko ndiko watoto walipo!

Nikaweka kikomo cha saa moja kwa siku. Muda ukiisha skrini inafunikwa, yanakuja maneno matamu ya "pumzika kidogo", na chini yake kitufe kikubwa chenye rangi kali cha kuendelea. Cha kufunga ni maandishi ya kijivu yaliyofifia. Anagusa, maisha yanaendelea. Sasa nani anamzuia nani hapo?

Kibunango: Dada, mbona TikTok walishalimaliza tangu 2023? Chini ya miaka 18 wanakatiwa dakika 60.

FundiSimu: Hawakatiwi, mkuu. Wa miaka 13 hadi 17 wanaingiza namba ya siri wanaendelea kutazama. Mzazi anahitajika kwa walio chini ya 13, na hapo mtoto awe amejaza tarehe ya kweli ya kuzaliwa.

MamaWawili, kikomo cha ndani ya programu kichukulie kama kikumbusho. Kufuli liko kwenye simu yenyewe. Kama ni iPhone, ingia Settings, halafu Screen Time, weka namba ya siri asiyoijua, kisha kwenye App Limits washa "Block at End of Limit". Usipoiwasha atakutana na "Ignore Limit" na umerudi palepale. Kwa Android, Digital Wellbeing ni ya mwenye simu: anaweka na anaondoa mwenyewe. Tumia Family Link, unaiendesha kutoka simu yako.

Mpole_Sana: Mimi shida yangu bando. Nikizima hiyo swichi litadumu?

FundiSimu: Kwa video ndefu, utaokoa kiasi. Kwa fupi sahau, maana inayofuata huanza kupakuliwa kabla hujaifikia.

Dogo17: Shikamooni. Mimi kaka yangu alinifungia programu, nikawa naangalia kwenye kivinjari. Video zilezile.

MamaWawili: Marahaba, asante kwa kutoa siri ya kambi. Basi FundiSimu, na kivinjari nikifunge? Kazi za shule anafanyia hukohuko.

FundiSimu: Usifunge kivinjari chote, zuia anwani ya tovuti ile tu. Ila akipewa kiungo na rafiki kwenye programu ya ujumbe, video nyingine hucheza humohumo ndani. Hilo sijaona linalolizuia vizuri bila kufunga na ujumbe.

MamaWawili: Yaani mimi mzazi nipite menyu tano na namba ya siri, wao kumrudisha mtoto kwenye video ni kitufe kimoja. Halafu wanasema wametupa zana!